Gari la Kuazima, Bima ya Nani?

Mtu aliyezoea kuendesha gari Mombasa au Dar es Salaam akihamia Uingereza huruhusiwa kutumia leseni ya nyumbani kwa miezi 12 tu. Baada ya hapo, hata awe na uzoefu wa miaka ishirini, anahesabiwa mwanafunzi. Huchukua leseni ya muda, hubandika vibao vya herufi L mbele na nyuma ya gari, na pembeni yake lazima aketi msimamizi asiyepungua miaka 21 mwenye leseni kamili ya miaka mitatu au zaidi. Kwa kuwa mwalimu wa udereva hulipwa kwa saa, wengi huomba gari la shangazi au la kaka wapate kufanya mazoezi.

Hapo ndipo wengi huteleza. Huku kwetu bima kwa kawaida hufuata gari: kama stika haijaisha, na dereva ana leseni na ruhusa ya mwenyewe, safari inaendelea. Uingereza bima hutaja watu. Shangazi anaweza kuwa amelipia bima kubwa ya mwaka mzima, lakini kama jina lako halimo, ukishika usukani huna bima, hata yeye mwenyewe akiwa ameketi pembeni yako. Faini ya papo hapo ni pauni 300 pamoja na pointi 6 kwenye leseni, na polisi wanaweza kulichukua gari. Shangazi naye ana kosa la kukuruhusu.

Zipo njia mbili za kuingia kihalali kwenye gari hilo. Ya kwanza ni shangazi kuomba kampuni yake ikuongeze kwenye bima ya mwaka. Ya pili ni wewe kukata bima yako ya muda mfupi, ya saa chache, siku au wiki kadhaa, kwa gari hilohilo. Tofauti kati ya njia hizi huonekana siku mambo yanapoharibika.

Tuseme umekata bima ya Jumamosi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Ukirudi nyuma kuegesha, unagonga ukuta; gereji inataka pauni 1,800. Mkataba wako unasema pauni 500 za kwanza za hasara unazibeba mwenyewe, kwa hiyo kampuni inalipa 1,300. Dai hilo linaandikwa kwa jina lako. Bima ya shangazi haikuguswa, na punguzo alilojijengea kwa miaka mingi bila kudai fidia linabaki palepale. Kama ungekuwa umeongezwa kwenye bima yake, dai lingepitia kwake: punguzo lingeweza kukatwa na malipo ya mwaka ujao yangepanda, kwa ukuta ambao hakuugonga yeye.

Bima fupi nayo ina mipaka yake. Ukihesabu kwa siku, ni ghali kuliko ya mwaka. Kwa kawaida haikujengei punguzo lako mwenyewe. Bima ya mwaka unaweza kuivunja ndani ya siku 14 ukibadili nia, lakini ile isiyofika mwezi mmoja haina haki hiyo kisheria. Mikataba mingi ya wanafunzi pia hudai kwamba gari tayari liwe na bima ya mwaka ya mwenyewe. Ya shangazi ikiisha, yako nayo inaweza kuanguka.

Mtego mkubwa zaidi uko siku ya mtihani. Bima nyingi za mwanafunzi hufa dakika unapofaulu, kwa sababu wewe si mwanafunzi tena. Mtu anapongezwa, anavua vibao vya L, anaendesha kurudi nyumbani kwa furaha, kumbe hana bima. Siku hiyo mwachie shangazi usukani, au kata nyingine ya dereva mwenye leseni kamili kabla ya kuwasha gari.

Wapo wanaotafuta unafuu kwa kumwandika mzazi kuwa dereva mkuu, ilhali kijana ndiye analitumia gari kila siku. Huo ni udanganyifu. Kampuni ikigundua inaweza kuifuta bima na kukataa fidia.

Kwa hiyo, anayeazima gari mara mojamoja, au anayefanya mazoezi kwa wiki chache kabla ya mtihani, bima fupi inamfaa na inamlinda aliyemwazima. Atakayeliendesha gari hilo kila wiki kwa miezi mingi aulize kwanza gharama ya kuongezwa kwenye bima ya mwaka, na mwenye gari akubali hatari yake akiijua. Mwenye gari lake mwenyewe akate ya mwaka kwa jina lake. Na kabla ya kuwasha injini, soma mambo matatu kwenye cheti: jina lako, namba ya gari, na saa bima inapokwisha.