Betri Moja, Wateja Wawili: Barua ya Mhitimu Anayeomba Kazi ya Java

Barua nyingi za kuomba kazi Tanzania bado zinafuata njia ileile iliyofundishwa shuleni: anwani mbili juu, "YAH: MAOMBI YA KAZI" katikati, kisha "Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 24, mwenye bidii na uwezo wa kufanya kazi bila kusimamiwa." Kwa nafasi ya msanidi programu wa Java anayeanza, sentensi hiyo haisaidii kitu. Barua ikishapita kwa ofisa rasilimali watu, mara nyingi humfikia mhandisi anayetafuta msaidizi wa kufanya naye kazi. Huyo anataka kujua jambo moja: je, mwombaji ameandika programu kwa mikono yake, na anajua inaharibika wapi?

Tuchukue mfano wa mhitimu ambaye mradi wake wa mwisho ulikuwa programu ya kutunza hesabu ya stoo. Mradi huu ni wa kawaida mno vyuoni, na mhandisi anayesoma barua huenda ameuona mara nyingi. Akisoma tu kwamba mhitimu "alitengeneza mfumo wa stoo kwa Java, Spring Boot, MySQL, HTML, CSS na JavaScript", hana njia ya kumtofautisha na wenzake. Orodha ya zana haionyeshi nani alifikiri na nani alinakili masomo ya video.

Kinachomtofautisha ni kasoro aliyoikuta ndani ya mradi.

Programu ya stoo ina kasoro moja maarufu ambayo wanafunzi wengi hawaioni, kwa sababu wanaijaribu programu peke yao, kwenye kompyuta moja, wakibofya kitufe kimoja baada ya kingine. Fikiria duka la vipuri vya pikipiki lenye kaunta mbili. Stoo imebaki betri moja. Wateja wawili wanaitaka kwa sekunde ileile, na kila muuzaji anabofya "Uza". Programu ya mwanafunzi hufanya hivi:

```java
int idadi = bidhaa.getIdadi();
if (idadi >= 1) {
    bidhaa.setIdadi(idadi - 1);
}
```

Kaunta ya kwanza inasoma 1. Kabla haijaandika jibu, kaunta ya pili nayo inasoma 1. Zote zinaona betri ipo, zote zinaandika 0. Risiti mbili zimetoka kwa betri moja. Ubaya ni kwamba kompyuta hailalamiki: idadi haijawa hasi, hakuna ujumbe mwekundu, na skrini inaonyesha 0 kama inavyotakiwa. Kosa linajulikana mteja wa pili anapoambiwa betri haipo, au mwenye duka anapolinganisha risiti na mzigo uliotoka.

Wengi wakisikia tatizo hili hujibu haraka kwamba wataweka `@Transactional` juu ya kazi hiyo. Peke yake haitoshi. Kwa mpangilio wa kawaida wa MySQL, miamala miwili bado inaweza kusoma 1 kwa pamoja, kwa kuwa kusoma kwa kawaida hakumfungii mwingine mlango. Tiba mojawapo ni kuuhamisha ukaguzi kutoka kwenye Java na kuuweka ndani ya amri yenyewe ya hifadhidata:

```sql
UPDATE bidhaa SET idadi = idadi - 1
WHERE id = 17 AND idadi >= 1;
```

Sasa hifadhidata inaushika mstari wa bidhaa namba 17 wakati wa kuuandika. Kaunta ya pili inasubiri ya kwanza imalize, kisha inakuta idadi ni 0 na sharti halitimii. Hifadhidata inarudisha jibu kwamba mistari iliyobadilika ni 0, na programu inalitumia jibu hilo kumwambia muuzaji kwamba bidhaa imekwisha.

Hiyo ndiyo habari ya kuandika kwenye barua. Aya ya katikati inaweza kusomeka hivi:

"Mradi wangu wa mwisho ulikuwa programu ya stoo ya duka la vipuri vya pikipiki, iliyoandikwa kwa Java na Spring Boot, data zikihifadhiwa MySQL. Tulikuwa watatu, mimi niliandika sehemu ya mauzo. Nilipojaribu mauzo mawili kwa wakati mmoja kwenye bidhaa iliyobaki moja, yote mawili yalikubaliwa. Nikahamishia ukaguzi wa idadi ndani ya amri ya hifadhidata, kisha nikaandika jaribio la JUnit linalotuma mauzo 20 kwa pamoja kwenye bidhaa yenye idadi 10. Sasa 10 hupita na 10 hukataliwa. Programu haijatumika dukani. Imejaribiwa kwenye kompyuta yangu tu."

Aya hiyo haina sifa hata moja, lakini inamweleza mwombaji vizuri kuliko neno "mchapakazi". Sentensi ya "tulikuwa watatu" ina uzito wake. Miradi mingi ya chuo ni ya kikundi, na anayeandika "nilitengeneza mfumo mzima" ataumbuka atakapoulizwa kuhusu sehemu ya mwenzake. Sentensi ya mwisho nayo ibaki. Wapo watakaomshauri aifute ili mradi uonekane mkubwa, na ushauri huo ni mbaya: mhandisi atauliza maduka mangapi yanaitumia, na uongo utajulikana papo hapo.

Aya hii pia inaelekeza usaili. Mhandisi akiipenda, huenda akauliza kwa nini mwombaji hakutumia `@Version`, njia nyingine ambayo kila mstari hubeba namba ya toleo na anayekuja na toleo la zamani hukataliwa. Au atauliza kwa nini jedwali linatunza idadi iliyobaki tu, badala ya kuandika kila mzigo unaoingia na kutoka kama mwenye duka anavyofanya kwenye daftari lake. Swali hilo la pili ni zito, maana bila kumbukumbu hizo betri ikipotea hakuna anayeweza kujua ilitoka lini. Mwombaji asiandike kwenye barua jambo asiloweza kulitetea kwa dakika 10.

Sehemu zilizobaki ziwe fupi. Mwanzo utaje nafasi inayoombwa na kampuni inafanya nini. Kama inatengeneza programu za malipo, mwombaji aseme kwamba salio lilelile kutumika mara mbili kunaweza kutokana na tatizo la aina hiyohiyo aliyoikuta stoo, inapotokea maombi mawili yamesoma salio moja. Mwisho ueleze lini anaweza kuanza. Yote yaenee ukurasa mmoja. Kampuni nyingi zitaitaka barua kwa Kiingereza, lakini habari ya kuandika ni hiyohiyo.

Kuna mtego mmoja wa mwisho, nao umo kwenye kiungo cha GitHub. Katika miradi ya Spring Boot, nywila ya hifadhidata mara nyingi huachwa wazi kwenye faili la `application.properties`, na mhandisi mzoefu hulifungua mapema. Kulifuta sasa hakutoshi, kwa kuwa Git inatunza historia yote na nywila itaendelea kuonekana kwenye matoleo ya nyuma, ibadilishwe kabisa. Kisha, kabla ya kutuma barua, mhitimu afungue kiungo hicho kwenye simu ambayo haijaingia kwenye akaunti yake, ahakikishe mradi unaonekana, na maelezo ya jinsi ya kuuwasha yapo kwenye faili la `README.md`.