Wateja 20,000, Simu 500

Tarehe 15 Novemba 2022, kampuni ya Marekani ya Ticketmaster ilianza mauzo ya awali ya tiketi za Taylor Swift. Baadaye ilieleza kwamba mitambo yake ilipokea maombi bilioni 3.5 siku hiyo, mara nne ya kilele chake cha awali. Foleni ilikuwapo, lakini roboti na mashabiki wasio na misimbo ya kuingilia waliufurika mlango. Ikabidi mauzo mengine yapunguzwe kasi na mengine yasogezwe mbele.

Duka dogo nalo hupatwa na balaa hilohilo. Tuseme duka la Nairobi linauza simu 500 kwa nusu bei kuanzia saa sita mchana, na wateja 20,000 wanasubiri. Hifadhidata yake inaandika oda 200 kwa sekunde. Wote wakibonyeza "Lipa" kwa pamoja, wa mwisho atajibiwa baada ya sekunde 100. Nani atavumilia? Baada ya sekunde kumi anabonyeza tena, na kila mbonyezo ni ombi jipya juu ya lile ambalo halijajibiwa. Mtambo huzama hapo.

Wengi, hata hivyo, wanatazama tu. Picha, bei na maelezo hayana haja ya kuisumbua hifadhidata. Huwekwa kwenye kashe, yaani nakala ya haraka iliyo mbele yake. Ikihuishwa mara moja kila sekunde, maelfu ya maswali yanakuwa swali moja.

Idadi ya simu zilizobaki haitaki mchezo. Wakati wa kununua, lazima ihesabiwe mahali pamoja. Wengi hutumia Redis:

```
DECR simu:ofa
```

Amri hii hupunguza moja na kutoa jibu kwa mkupuo, hivyo wateja wawili hawawezi kupewa simu moja. Jibu likishuka chini ya sifuri, programu huirudisha ile moja kwa `INCR` na kumwambia mteja kuwa simu zimekwisha. Kumwambia mapema ni heri kuliko kumzungusha.

Oda 500 zilizofaulu ndizo zinazoingia kwenye foleni. Mteja anaona "Oda imepokelewa", hifadhidata inazimaliza kwa sekunde mbili na nusu, kisha ombi la PIN ya M-Pesa linatokea kwenye simu yake. Asipolipa ndani ya dakika tano, tuseme, simu hurudishwa kwenye hesabu.

Limebaki suala la wanaobonyeza bila kukoma. Kikomo kiwekwe kwa kila akaunti, si kwa anwani ya intaneti pekee, kwa sababu mitandao ya simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja; ukiifunga, unawafungia wasio na hatia. Anayezidisha hupewa jibu `429` lenye `Retry-After`, na programu ya duka isijaribu tena kabla ya muda huo kwisha.

Mwenye duka atazame oda kongwe kwenye foleni ina sekunde ngapi. Zikizidi kupanda, asimamishe oda mpya kwanza, ndipo atafute kilichoharibika.