Vizio na Kasi ya Matone katika Ukokotoaji wa Dozi: Mfano wa Magneziamu Salfeti

Slaidi zinazotumika kuwafundisha wanafunzi wa uuguzi na famasia ukokotoaji wa dozi huanza, kwa kawaida, na kanuni: dozi inayotakiwa hugawanywa kwa dozi iliyopo, kisha huzidishwa kwa ujazo. Kanuni hiyo ni nyepesi, na mwanafunzi huikariri kwa siku moja. Ugumu umo katika namba zinazoingizwa ndani yake, kwa kuwa agizo la daktari, lebo ya dawa na mpira wa dripu kila kimoja huzungumza kwa kizio chake. Makala haya yanalifafanua suala hilo kupitia magneziamu salfeti, dawa anayopewa mama mwenye kifafa cha mimba.

Chukuliwa kwamba agizo ni gramu 4 kwa mshipa, zitolewe polepole kama mchanganyiko wa asilimia 20. Dawa iliyopo imeandikwa asilimia 50. Asilimia katika dawa za maji humaanisha gramu zilizomo ndani ya mililita 100. Hivyo basi, asilimia 50 ni gramu 50 katika mililita 100, yaani gramu 0.5, au miligramu 500, katika kila mililita. Gramu 4 zinapatikana katika mililita 8. Ili mchanganyiko uwe wa asilimia 20, gramu hizo 4 zinapaswa kukaa ndani ya mililita 20. Kwa hiyo huongezwa mililita 12 za maji ya sindano.

Mwanafunzi anayesoma asilimia 50 kama miligramu 50 kwa mililita hupata mililita 80 badala ya 8. Kanuni yake ni sahihi na hesabu yake ni sahihi. Kizio ndicho kilichopotea. Kosa hilo hujionesha lenyewe kwa anayetazama jibu kabla ya kuvuta dawa, kwani mililita 80 ni chupa nane za mililita 10 kwa dozi moja. Slaidi nyingi huishia kwenye jibu, ilhali hapo ndipo swali hili la mwisho lingepaswa kuulizwa.

Baada ya dozi ya kwanza, mama huendelea kupewa gramu 1 kwa saa kwa dripu. Katika mfano huu, chupa ya mililita 500 hupunguzwa mililita 20, kisha huongezwa mililita 20 za dawa ya asilimia 50. Chupa sasa ina gramu 10 katika mililita 500, na gramu 1 imo katika mililita 50. Kasi inayotakiwa ni mililita 50 kwa saa.

Palipo na pampu, kazi imekwisha. Pasipo na pampu, mililita kwa saa hubadilishwa kuwa matone kwa dakika: mililita kwa saa huzidishwa kwa idadi ya matone yanayounda mililita moja, kisha hugawanywa kwa 60. Mpira wa matone madogo hutoa matone 60 kwa mililita, hivyo jibu ni matone 50 kwa dakika. Mpira wa kawaida wenye matone 20 kwa mililita hutoa jibu la 16.7, ambalo hukadiriwa kuwa 17. Idadi hiyo husomwa kwenye pakiti ya mpira. Haikisiwi, kwani ipo mipira mingine ya matone makubwa yenye matone 10 au 15 kwa mililita.

Hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Muuguzi aliyekokotoa matone 50 kwa mpira wa matone madogo, kisha akafunga mpira wa kawaida na kuhesabu matone yale yale 50, humpa mama mililita 150 kwa saa, yaani gramu 3 badala ya 1. Karatasi ya hesabu haitaonesha kosa lolote. Chupa ndiyo itakayoonesha: baada ya saa moja inapaswa kushuka kwa mililita 50 tu, na ikishuka kwa 150, kasi ni mara tatu. Mwili wa mama nao hutoa dalili. Goti huacha kuruka linapogongwa, na pumzi hupungua. Ikiwa chini ya 16 kwa dakika, dawa husimamishwa. Mkojo chini ya mililita 30 kwa saa pia huzuia kuendelea, kwa sababu magneziamu hutolewa mwilini na figo, na mama wa namna hiyo anaweza kulimbikiza dawa hata kama matone yamehesabiwa sawasawa. Kalsiamu glukonati, gramu 1 katika mililita 10, huwekwa tayari kando ya kitanda.

Kuhusu matone 17, kuhesabu kwa robo dakika na kuzidisha kwa 4 hakufai: mwanafunzi atapata 16 au 20, wala si 17. Kasi ndogo kama hiyo huhesabiwa kwa dakika nzima, na hurudiwa kila mama anapogeuka kitandani au mkono wenye sindano unapokunjwa.