Meseji 240 Kabla ya Saa Tatu Usiku

Tuchukue kliniki ya mama na mtoto inayotaka kuwakumbusha akina mama 240 siku ya chanjo, Jumatano tarehe 14 Mei. Karani anaziingiza meseji kwenye kompyuta Jumatatu jioni. Hazitoki hapo hapo. Zinakaa kwenye foleni, kila moja ikiwa na alama ya "inasubiri", na kila baada ya dakika 10 programu inaamka, inachukua 60 na kuzikabidhi kwa kampuni inayosambaza ujumbe. Foleni nzima ingeisha kwa mafungu manne.

Kliniki imejiwekea sharti kwamba kuanzia saa 3 usiku hadi saa 1 asubuhi simu ya mtu isilie kwa ajili yake. Mama mwenye kichanga akishtuliwa usiku wa manane na meseji ya chanjo, ana haki ya kukasirika. Sharti hilo huandikwa kwa mstari mmoja wa ratiba:

```
*/10 7-20 * * *
```

Maana yake ni kila dakika 10, fungu la kwanza saa 1:00 asubuhi na la mwisho saa 2:50 usiku. Lakini kompyuta nyingi zinazokodishwa mtandaoni hufuata saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Mstari huo huo ukiwekwa humo bila kurekebishwa, meseji zitaanza saa 4 asubuhi na kuendelea hadi saa 6 kasoro dakika 10 usiku. Kosa hili halionekani mchana. Hugunduliwa watu wanapolalamika, kwa hiyo kabla ya kuanza kazi andika `date` kwenye kompyuta hiyo na uilinganishe na saa ya ukutani.

Sasa turudi kwenye Jumatatu yetu. Intaneti inakatika saa 11 jioni, kabla hata fungu moja halijatoka, inarudi saa 2:35 usiku. Saa 2:40 linatoka fungu la kwanza, saa 2:50 la pili. Meseji 120 zinabaki hadi Jumanne asubuhi, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Hatari imo ndani ya maneno yenyewe. Kama karani aliandika "mlete mtoto keshokutwa", anayeisoma Jumanne atakuja Alhamisi. Ujumbe wowote unaoweza kulala kwenye foleni utaje siku na tarehe: "Jumatano 14 Mei, saa 2 asubuhi."

Kuna mlango mwingine wa kuvunjia utulivu, nao wengi hawaujui. Simu ikiwa imezimwa saa 2:50, mtandao hauitupi meseji. Huihifadhi na kuendelea kujaribu, pengine kwa siku nzima, na simu ikiwashwa saa 8 usiku inalia. Dawa yake ni kuipa kila meseji muda wa mwisho wa kuishi, kwamba isipofika kabla ya saa 3 ife, kisha irudi kwenye foleni ya asubuhi. Si kila mtandao unaoheshimu muda huo, kwa hiyo mimi ningesimamisha mafungu mapema zaidi, saa 2 usiku.

Kukabidhi si kufikisha. Kampuni ikipokea meseji hurudisha namba ya utambulisho, na hiyo ni stakabadhi tu. Habari ya kweli huja baadaye katika ripoti. Tuseme Jumanne mchana ripoti zinaonyesha hivi: 211 `DELIVRD`, zimefika, 17 `EXPIRED`, muda umekwisha kabla simu haijapatikana, 6 `UNDELIV`, haziwezi kufika, mara nyingi kwa namba iliyokosewa au laini iliyofungwa, na 6 hazina ripoti yoyote.

Kila kundi lina kazi yake. Wale 17 watumiwe tena jioni, simu zinapowashwa. Wale 6 wa `UNDELIV` usiwarudie. Fungua kadi ya kliniki uhakiki namba. Wale wasio na ripoti ndio wa kuangaliwa kwa makini, maana kutuma tena bila kuuliza kunaweza kumpa mama meseji mbili. Iulize kampuni kwa kutumia namba ya utambulisho. Kwa sababu hiyo programu nzuri hubadilisha alama kuwa "inatumwa" kabla ya kukabidhi, si baada, ili umeme ukikatika katikati fungu lile lile lisitoke mara ya pili lenyewe.

Na hata `DELIVRD` husema jambo moja tu, kwamba simu ilipokea. Haisemi nani aliisoma, na simu moja huweza kuwa ya nyumba nzima. Mama asiyefika Jumatano apigiwe simu, hata kama ripoti yake ni safi, kabla hajaandikwa kwamba amepuuza chanjo ya mwanawe.