Ng'ombe Anayeanguka Malishoni

Tetani ya nyasi humwangusha ng'ombe aliyekamuliwa vizuri asubuhi ile ile. Chanzo chake ni upungufu wa magnesiamu katika damu. Waathirika wakubwa ni ng'ombe wazima wenye maziwa mengi, miezi michache baada ya kuzaa, wanapolishwa nyasi changa zilizochipua upesi baada ya mvua. Ni ugonjwa wa nyanda za juu zenye baridi, huko bara. Pwani, ng'ombe akianguka, kwanza hushukiwa maradhi mengine.

Mara nyingi mwenye ng'ombe hutafuta jirani mwenye jicho baya, na ushahidi wake ni kwamba malisho yalikuwa mazuri. Uzuri huo ndio tatizo. Kila lita ya maziwa huondoka na takriban gramu 0.12 za magnesiamu. Anayetoa lita 20 hupoteza gramu 2.4 kwa siku, ilhali maji ya damu yake yote yana kama nusu gramu tu. Akiba iliyo mifupani haitoki upesi, wala hakuna homoni maalumu ya kuiita. Ni lazima madini hayo yafyonzwe kila siku tumboni, na nyasi changa, hasa zilizotiwa mbolea ya potashi, zina potasiamu nyingi inayozuia ufyonzaji huo. Wengine humlambisha magadi. Magadi ni chumvi ya sodiamu. Upungufu wa magnesiamu hayauzibi.

Dalili za kwanza ni masikio kutikisika, macho makali, kushtuka kwa mguso mdogo na mwendo wa kuyumba. Kisha huanguka ubavu, shingo ikipinda nyuma, povu mdomoni, miguu ikipiga hewani, na moyo hudunda kwa nguvu hata kusikika kando yake. Anaweza kufa kabla ya saa moja kupita. Mwenye homa ya maziwa, kinyume chake, hulegea na kupoa, kwa kawaida siku chache tu baada ya kuzaa. Ng'ombe akikutwa amekufa, udongo uliochimbwa na kwato ni dalili nzuri ya tetani.

Kelele zikomeshwe, asiburutwe, daktari wa mifugo aitwe mara moja. Akitapatapa sana, daktari humpa kwanza dawa ya kumtuliza. Kisha huingiza mshipani, polepole sana huku akisikiliza moyo, takriban mililita 400 za dawa ya kalsiamu yenye magnesiamu. Mililita 200 za magnesiamu salfeti ya asilimia 25 huchomwa chini ya ngozi, zikigawanywa sehemu kadhaa. Dawa hii kali haifai kumiminwa mshipani kwa pupa; inaweza kusimamisha pumzi na moyo. Wapo wanaofanya hivyo, kisha wakailaumu dawa.

Kusimama si kupona, kwani wengi huanguka tena ndani ya siku moja au mbili. Ng'ombe huondolewa kwenye nyasi hizo, hupewa nyasi kavu, na hulishwa gramu 60 za magnesiamu oksidi kila siku, zikichanganywa na molasi kwa sababu ladha yake humchukiza. Wenzake wa kundi hilo hupewa pia, mpaka nyasi zikomae.