Intaneti inakwama Mji Mkongwe? Hivi ndivyo unavyojua ni kituo gani kinachelewesha

Saa mbili usiku, nyumba ya wageni maeneo ya Shangani. Mgeni wa ghorofa ya tatu analalamika simu ya video inakatika-katika. Mhudumu wa mapokezi anasema kwake iko poa, na mwenye nyumba ameshashika simu kuipigia kampuni ya intaneti. Kabla hajapiga, kuna kipimo cha dakika tano.

Kianzie chumbani kwa huyo mgeni. Ukiwa na laptopu, au simu yenye programu ya kupima mtandao, ipigie ruta ya nyumba yenyewe. Anwani yake mara nyingi ni hii:

```
ping 192.168.1.1
```

Ping inatuma kifurushi kidogo na kupima kinachukua milisekunde ngapi kwenda na kurudi. Ruta ipo ndani ya nyumba, kwa hiyo jibu linatakiwa liwe chini ya milisekunde 10. Ukiona 9, kisha 140, kisha 86, kisha kifurushi kimepotea, tatizo halijatoka hata nje ya mlango. Kuta nene za mawe na chokaa za Mji Mkongwe zinapunguza sana waifai, na ghorofa mbili juu ya ruta ni mbali. Rudia umesimama karibu na ruta. Ikishuka hadi 2 au 3, dawa ni kuvuta waya kupeleka ruta nyingine juu, na kampuni haina kosa.

Kama karibu na ruta kuko safi lakini simu ya video bado inakwama, sasa ndiyo zamu ya traceroute. Yenyewe hutuma kifurushi chenye ruhusa ya kupita kituo kimoja tu. Kituo kile kikishakiua, kinarudisha taarifa, na hapo kinajulikana. Kinachofuata kinaruhusiwa viwili, kisha vitatu, hadi mwisho wa safari. Kwenye Windows amri ni `tracert -d`, kwingine ni `traceroute -n`, ikifuatiwa na anwani unayoitafuta. Huu ni mfano wa safari ya kwenda seva iliyoko Ulaya:

```
1 192.168.1.1     3   2   3 ms
2 10.20.0.1      11  10  12 ms
3 10.20.8.5     190 210 185 ms
4 203.0.113.9    14  13  15 ms
5 * * *
6 198.51.100.7  152 151 153 ms
```

Wengi wakiona 190 wanaruka: mchawi ni kituo cha tatu! Siye. Kila mstari unahesabu safari nzima kutoka kwako, hauanzii kwenye kituo kilichotangulia. Kama kweli vifurushi vingekwama pale, cha nne nacho kingekuwa juu ya 190. Kimerudi 14, maana yake kituo cha tatu kinapitisha mzigo vizuri, ila kinajibu maswali kwa uvivu. Ruta kubwa nyingi ziko hivyo. Nyota tatu za kituo cha tano nazo ni kukataa kujibu tu, mradi cha sita kimefika.

Panapopanda na kubaki juu hadi mwisho ni kati ya 4 na 6. Lakini hapo ni umbali. Mwanga ndani ya faiba hutumia takriban milisekunde moja kwenda na kurudi kwa kila kilomita 100. Unguja hadi Dar es Salaam ni kama milisekunde moja. Dar hadi Ulaya, kwa mikongo ya baharini kama SEACOM na EASSy, ni maelfu ya kilomita, na 150 si ajabu. Mei 12, 2024 mikongo hiyo miwili ilipopata hitilafu na intaneti ya Tanzania ikayumba, tatizo lilikuwa huko mbali. Siku kama ile vituo vyako vya mwanzo vinaweza kuonekana safi kabisa.

Kinachostahili simu kwa kampuni ni picha tofauti: kituo cha kwanza 3, cha pili 95, na vyote vinavyofuata viko juu vilevile. Hata hapo, zima kwanza waifai ya simu na televisheni zote za nyumba. Mgeni mmoja anayepandisha video zake anatosha kuijaza njia ya kutokea. Ikibaki 95, pima tena asubuhi na usiku, piga picha za skrini zenye saa, watumie. Asubuhi 11 na usiku 95 ni dalili ya njia kuzidiwa na watumiaji.

Na usitumie 8.8.8.8 peke yake. Anwani hiyo inajibiwa na seva nyingi duniani, ikiwemo iliyo karibu zaidi, hivyo inaweza kurudi haraka wakati seva unayoihitaji iko taabani.