Kodi iliyosamehewa msimu wa shida: je, yaweza kudaiwa tena?

Miongoni mwa migogoro inayovunja ujirani mwema, na wakati mwingine undugu wa damu, ni ule wa mwenye nyumba aliyemwambia mpangaji wake wakati wa shida, "Msimu huu lipa nusu, iliyobaki nimekusamehe," kisha hali ilipotengemaa akamletea hesabu ya malimbikizo ya miezi yote ile. Mpangaji hulalamika kuwa amegeukwa. Mwenye nyumba naye hujibu kuwa mkataba ulioandikwa haukubadilishwa, na kwamba huruma yake ilikuwa maneno tu. Ni nani mwenye haki kati yao? Wiki hii tunalitazama swali hilo kwa jicho la sheria, kisha kwa jicho la fiqhi.

Kanuni inayohusika hapa inaweza kuitwa kizuio cha ahadi. Mtu aliyetoa ahadi ya wazi kwamba hatadai haki yake kwa ukamilifu, na mwenzake akaitegemea ahadi hiyo na kupanga mambo yake kwayo, huzuiwa na mahakama asirudi nyuma pale ambapo kurudi huko kutakuwa dhuluma. Kesi iliyoipa kanuni hii umaarufu ilihusu kodi ya nyumba, na iliamuliwa London mwaka 1946.

Mwaka 1937 kampuni moja ilipangisha jengo la makazi liitwalo High Trees, lililoko Clapham, kusini mwa London, kwa miaka 99. Kodi ilikuwa pauni 2,500 kwa mwaka. Mpangaji naye alikuwa kampuni, na kazi yake ilikuwa kuzipangisha familia makazi yaliyomo ndani ya jengo. Vita vikuu vilipozuka mwaka 1939, watu wengi walihama mji na makazi mengi yakabaki matupu. Mpangaji hakuwa na njia ya kuipata kodi ile. Januari 1940 mwenye jengo akakubali kwa maandishi kwamba kodi ipunguzwe hadi pauni 1,250, yaani nusu. Hakutaja mwisho wa nafuu hiyo, wala hakupokea kitu chochote badala yake.

Mpangaji akalipa nusu miaka yote ya vita. Mwanzoni mwa 1945 jengo lilikuwa limejaa tena. Kufikia wakati huo mambo ya kampuni iliyomiliki jengo yalikuwa mikononi mwa msimamizi aliyewekwa na wadai wake. Alipoupitia mkataba akaona umeandikwa pauni 2,500. Septemba 1945 akadai kodi kamili pamoja na malimbikizo ya zaidi ya pauni 7,900. Tuzingatie kwamba aliyedai si yule aliyeahidi. Ndivyo inavyotokea mara nyingi hata kwetu: mzee husamehe, kisha warithi wake hudai.

Ili kupima sheria, kesi ilifunguliwa kwa sehemu ndogo tu ya deni, yaani robo mbili za mwisho za mwaka 1945. Jaji Denning alimpa mwenye jengo kodi kamili kwa miezi hiyo, kwa sababu ahadi ilitolewa kwa ajili ya hali ya vita, na hali hiyo ilikuwa imekwisha. Lakini aliongeza kwamba lau madai yangehusu miaka ya vita yenyewe, mwenye jengo angezuiwa. Alikuwa ametoa ahadi akikusudia itegemewe, nayo ikategemewa. Maneno hayo hayakuhitajika ili kuamua madai yaliyokuwa mbele yake, lakini ndiyo yaliyobaki na kufuatwa na mahakama nyingi zinazotumia sheria yenye asili ya Uingereza.

Basi hukumu ile ina pande mbili, na wengi hukumbuka upande mmoja tu. Mpangaji hulindwa kwa msimu uliosamehewa, na mwenye nyumba hulindwa kwa siku zinazofuata. Msamaha haubadilishi kodi milele. Sababu yake ikiondoka, au mwenye nyumba akitoa taarifa ya muda wa kutosha, kodi ya mkataba hurejea kwa miezi ijayo. Asichoweza kufanya ni kuufukua msimu uliopita.

Tuchukue mfano wa kubuni ulio karibu na maisha yetu. Mama mmoja amepanga fremu ya duka kwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Masika yakaja kwa nguvu, barabara iliyo mbele ya duka ikakatika, wateja wakapungua. Mama akapata fremu nyingine kwa shilingi 250,000 na akamwaga mzee mwenye nyumba kwamba anahama. Mzee akamwandikia ujumbe kwa simu: "Usihame. Machi hadi Mei lipa nusu, iliyobaki nimekusamehe." Mama akaiacha ile fremu ya pili ikachukuliwa na mtu mwingine, naye akalipa shilingi 200,000 kila mwezi. Mei ikapita, barabara ikatengenezwa, lakini aliendelea kulipa nusu Juni, Julai na Agosti, na mzee hakusema neno. Mwishoni mwa Agosti mzee akafariki. Septemba wanawe, baada ya kuupitia mkataba, wakadai shilingi 1,200,000 za miezi sita, na kodi kamili kuanzia hapo.

Tuigawe hesabu hiyo katika sehemu tatu. Shilingi 600,000 za Machi hadi Mei hazidaiki. Ahadi ilikuwa ya wazi, ilitaja miezi yake, na mama aliitegemea kwa kitendo kinachoonekana, kwani aliacha nafasi ya kuhama ambayo haiwezi kumrudia. Kumtoza leo ni kumpa hasara ambayo asingeipata lau mzee angenyamaza. Kufa kwa mzee nako hakubadilishi jambo. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inapomzuia mtu kukana jambo alilomfanya mwenzake aliamini na kulitenda, humzuia yeye pamoja na mwakilishi wake. Vilevile Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara inamruhusu mwenye kudai kusamehe haki yake yote au sehemu yake.

Shilingi 600,000 za Juni hadi Agosti ni jambo jingine. Ujumbe ulitaja Mei kuwa mwisho, na barabara ilikuwa imepona. Hapa mama yumo katika hali ya High Trees baada ya jengo kujaa. Ukimya wa mzee peke yake ni hoja dhaifu. Hoja hiyo ingepata nguvu kama risiti za miezi hiyo zingeandikwa kwamba kodi ya mwezi imelipwa yote. Na kuhusu Septemba na kuendelea, warithi wana haki ya kodi kamili bila shaka yoyote.

Mara nyingi madai ya mpangaji huanguka katika maneno yenyewe ya ahadi. "Utalipa ukipata" ni kuahirisha, si kusamehe, na deni hubaki palepale. "Usijali, tutazungumza" si ahadi ya kitu chochote. Mahakama hutafuta tamko lisilo na utata kwamba haki fulani haitadaiwa. Kwa hiyo anayesamehewa aombe maandishi yenye mambo matatu: kiasi kilichosamehewa, miezi inayohusika, na neno la kusamehe lenyewe. Ujumbe wa simu unatosha, kwani Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaukubali kuwa ushahidi. Usifutwe, na simu ikibadilishwa uhifadhiwe.

Ipo mipaka mingine miwili. Kwanza, kanuni hii ni ngao, si upanga. Mpangaji huitumia kujikinga anapodaiwa, wala hawezi kwenda mahakamani kudai fedha kwa kuitegemea yenyewe peke yake. Pili, anayeomba uadilifu awe mwadilifu. Katika miaka ya 1960 mahakama ya rufani ya Uingereza ilikataa kumlinda mdaiwa ambaye mkewe, akijua mafundi waliomdai wamebanwa na ukata, aliwalazimisha wapokee pauni 300 badala ya 482 na kulifuta deni. Vivyo hivyo, mpangaji aliyedanganya kuwa biashara imekufa, ilhali inakwenda vizuri, hana kizuio cha kujikinga nacho.

Tukigeukia fiqhi, tunakuta mgawanyo unaofanana kwa namna ya kustaajabisha. Wanazuoni hutofautisha kusamehe deni lililokwisha kuthibiti, ambako huitwa ibraa, na kuahidi kwamba deni lijalo halitadaiwa. Ibraa ikishatimia, deni limeanguka, na kwa kanuni mashuhuri ya mafakihi kilichoanguka hakirudi. Mwenye nyumba aliyesema mwishoni mwa Mei, "Nimekusamehe nusu ya miezi hii mitatu," hana tena deni la kudai.

Ahadi ya msamaha ujao ndiyo yenye mjadala. Wengi miongoni mwa wanazuoni wameona kutimiza ahadi ni wajibu au sunna iliyokokotezwa mbele ya Mwenyezi Mungu, lakini kadhi hamlazimishi mtu. Kauli mashuhuri katika madhehebu ya Maliki inasema kadhi atamlazimisha iwapo ahadi ilifungamanishwa na sababu na aliyeahidiwa akaingia katika jambo kwa kuitegemea. Desemba 1988, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait, Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu iliamua kwa mwelekeo huo: ahadi humfunga mtu kidini isipokuwa kwa udhuru, na humfunga kisheria ikiwa imefungamanishwa na sababu na aliyeahidiwa ameingia gharama kwa ajili yake. Mzee wa mfano wetu alisema "Usihame", na mama hakuhama. Hiyo ndiyo sababu, na hasara ya kuiacha fremu ya bei nafuu ndiyo gharama yake.

Warithi nao wana jambo la kuangalia. Msamaha wa deni uliotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa na mafakihi kama wasia, na haupiti theluthi ya mali bila ridhaa yao. Lakini msamaha uliotolewa mzee akiwa na afya yake haumo katika tarika. Kuudai ni kutaka kurithi kile ambacho marehemu mwenyewe hakuwa nacho siku aliyokufa.

Aya ya 280 ya Suratul Baqara inaamrisha mwenye dhiki apewe muda, na inaeleza kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Hizo ni daraja mbili, na mwenye nyumba ana hiari ya kuchagua. Asiyeweza kusamehe na atoe muda, aseme wazi kuwa ni muda tu, na hapo deni lake litabaki salama. Aliyechagua kusamehe aandike mwisho wa msimu wake, na msimu ukiisha atoe taarifa mapema kwamba kodi ya zamani inarejea. Akifanya hivyo hatapoteza hata shilingi ya miezi ijayo, na mpangaji wake hatalala akihofia hesabu ya miezi iliyopita.

Wallahu aalam.